Nilisimama kusema, wakaniambia "Mama, fupisha"

Jambo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Kadutu, hapa Bukavu. Tumepanga nyumba upande wa chini wa avenyu, pembeni kabisa ya mtaro unaoshusha maji ya mlima mzima. Mvua ikinyesha usiku hatulali. Mtaro unajaa, maji yanavuka ukingo na kuingia ndani. Msimu huu yamekwisha kutuharibia godoro, unga na madaftari ya mtoto.

Kila salongo vijana wanazibua mtaro, lakini udongo na plastiki wanazotoa wanaziacha palepale ukingoni. Mvua ya kwanza au ya pili inarudisha vyote ndani. Mimi naona kwa sababu mlango wangu unatazama pale. Wanaokaa juu hawaoni.

Mwezi uliopita shefu wa avenyu aliita mkutano. Nikanyoosha mkono, nikapewa neno. Nikasalimu, nikaanza kueleza usiku ule wa mvua, godoro, mtoto aliyeshikwa na homa, na namna watu wa juu wanavyotupa taka gizani. Hapo baba mmoja akapaza sauti: "Mosioni!" Wengine wakasema ninawashitaki. Moderateri akaniambia: "Mama, fupisha." Watu wakacheka. Nikakaa chini bila kutoa lile neno lililonisimamisha, yaani udongo usiachwe ukingoni.

Wiki mbili zijazo kuna mkutano mwingine. Wanataka kila nyumba ichange pesa ili mtaro uchimbwe upya. Naona pesa hiyo itakwenda na maji kama udongo utaachwa palepale. Lakini mume wangu ananiambia ninyamaze. Sisi ni wapangaji, na mwenye nyumba wetu ni mmoja wa wazee wanaokaa mbele. Yeye ndiye aliyeleta wazo la mchango. Mume wangu anaogopa tutafukuzwa. Mimi naogopa kuchekwa tena, maana nikisimama mbele za watu maneno yananitoka mengi na hayapati mwisho. Ninyamaze? Nimtume mtu? Na kama nitasema, nisemeje kwa ufupi mpaka nieleweke?

Mama wa chini ya mtaro, Kadutu

*

Dada yangu,

Pole kwa godoro, pole kwa unga, na pole zaidi kwa kile kicheko. Barua yako nimeisoma kwa makini, na kuna kitu ndani yake ambacho labda hujakiona. Ulipofika kwenye neno lililokusimamisha, uliliandika kwa maneno matatu tu: udongo usiachwe ukingoni. Kwa hiyo ufupi unao tayari. Kilichotokea siku ile ni kwamba maneno hayo matatu yalikuwa mwisho wa foleni, nyuma ya godoro, homa na watupa taka, na mkutano haukuyasubiri.

Kwanza nikuulize kuhusu kicheko chenyewe. Unaona walikucheka kwa sababu wewe ni mpangaji, au kwa sababu ni mwanamke? Inawezekana. Nimeongoza vikao vya mutwalite kwa muda mrefu hapa Bukavu, na sitakudanganya kwamba kila mtu anasikilizwa sawasawa. Mzee mwenye kiwanja akizunguka, watu wanamvumilia. Mama kijana akizunguka, wanamkata. Lakini kuna sababu nyingine, nayo ningependa uichunguze kabla ya kuhukumu. Moderateri anayesema "fupisha" mara nyingi ni mtu ambaye bado hajajua unaomba nini. Anasikia habari ya kweli na ya kuumiza, lakini hajui aiweke wapi: ni malalamiko, ni shitaka, au ni pendekezo? Katika mkutano ujao, kabla ya zamu yako, tazama anawakata akina nani. Ukiona anawakata hata wazee wanaosimulia, ujue tatizo lako kubwa ni mpangilio wa maneno, na hilo linarekebishika ndani ya wiki mbili. Ukiona anawakata akina mama na wapangaji peke yao, basi hata maneno mazuri namna gani yatahitaji mtu wa kuyaunga mkono, na nitakuja hapo.

Sasa tuingie kwenye mkutano wenyewe, kwa sababu wakati wa kusema una uzito karibu sawa na maneno. Mikutano ya avenyu zetu unaijua: sala, salamu za shefu, moderateri anasoma ajenda, kisha hoja zinafunguliwa moja moja, na mwishoni kuna mengineyo. Wengi wetu tukiwa na woga tunasubiri mengineyo, tukiona pale ndipo penye nafasi. Kwa jambo lako, mengineyo ni kuchelewa. Mchango utakuwa umeshapitishwa, watu wanatazama saa, na mwenye kusema "lakini udongo" anaonekana kama anataka kuvunja kilichokubaliwa.

Hata ndani ya hoja ya mchango kuna dakika nzuri na dakika mbaya. Mtu wa kwanza akishataja kiasi cha pesa, sikia kitakachofuata. Mwingine atasema ni nyingi, mwingine atasema wenye duka walipe zaidi, mwingine atauliza wajane watalipaje. Kuanzia hapo mkutano mzima unazungumza franka, na hakuna atakayerudi kwenye udongo. Kwa hiyo mkono wako unyooke mara tu moderateri anapofungua hoja, kabla kiasi hakijatajwa. Kwa kawaida anaandika orodha ya wanaoomba neno, na ukiwa kati ya wa kwanza unasema kabla pesa haijachukua mkutano. Njia rahisi zaidi ni kupita kwa shefu siku moja au mbili kabla na kumwambia: "Shefu, kwenye hoja ya mtaro naomba uniweke kwenye orodha, nina pendekezo moja la dakika moja." Mashefu wengi wanapenda kusikia "dakika moja". Na neno "pendekezo" linamwondolea hofu kwamba unakuja kugombana.

Usiingie kwa mosioni. Najua inavutia, kwa sababu anayepaza sauti "mosioni" anapita mbele ya orodha. Lakini mosioni ni ya kurekebisha mwenendo wa mkutano: mtu ametoka nje ya ajenda, muda umekwisha, kuna habari ambayo mkutano lazima uijue mara moja. Ukiitumia kutoa maoni, mtu atasema "hiyo si mosioni", na moderateri atakuwa na haki ya kukukalisha. Baba yule aliyekukatiza mara ile alipata mlango kwa sababu ulikuwa umetaja watu wa juu, na wakati huo hoja haikuwa juu yao. Usipompa mlango, hatakuwa na pa kuingilia.

Hapo ndipo tunafika kwenye maneno. Nitakuandikia mfano, halafu nitakueleza kwa nini kila kitu kiko mahali pake. Vipimo vilivyomo nimevitunga, wewe utaweka vyako.

"Shefu, wazee, wababa na wamama, jambo. Ninaomba kitu kimoja: kabla hatujataja kiasi cha mchango, tukubaliane udongo utakaotolewa mtaroni utabebwa na nani na utapelekwa wapi. Mimi ninakaa kwenye kona ya chini. Siku ya salongo iliyopita mtaro ulizibuliwa mpaka ukanifika gotini. Baada ya mvua mbili ulibaki kina cha kiganja kimoja, kwa sababu udongo ulioachwa ukingoni ulirudi ndani. Ninapendekeza sehemu ya mchango iwalipe vijana wa kubeba udongo kwa mifuko siku hiyohiyo, mpaka mahali shefu atakapoonyesha. Nimemaliza, asante."

Isome kwa sauti, polepole, kama unavyosema na jirani. Haifiki dakika moja.

Salamu iko, kwa sababu kwetu mtu asiyesalimu hasikilizwi, lakini ni sentensi moja. Husimami kumtaja kila mzee kwa jina, maana ukimsahau mmoja umeanza na deni. Kisha ombi linakuja hapohapo, kabla ya kisa. Hili ndilo geuzi kubwa kuliko yote, na najua litakuwa gumu kwako, kwa kuwa sisi tumezoea kueleza kwanza mateso ili mwenzetu atuhurumie, ndipo tuombe. Ndani ya nyumba, kwa dada au kwa mama mkwe, utaratibu huo ni mzuri. Kwenye mkutano wa watu wengi unakugharimu, kwa sababu msikilizaji asiyejua unakwenda wapi anaanza kukisia, na mara nyingi anakisia vibaya. Walikisia kwamba unawashitaki. Ukianza na ombi, kila neno linalofuata wanalipokea kama sababu ya ombi lile.

Baada ya ombi kuna kitu kimoja ulichokiona kwa macho. Kimoja tu. Godoro nimeliacha, homa ya mtoto nimeiacha, na imeniuma kuziacha kwa sababu ndizo zilizokufanya uandike. Lakini fikiri: ukisema godoro, watu watakupa pole, na pole ni jibu kamili. Mtu akishakupa pole anaona amemaliza wajibu wake kwako. Ukisema mtaro ulikuwa wa goti ukawa wa kiganja, hakuna wa kukupa pole. Wanabaki na swali: pesa yetu itafanya nini kama hali ni hiyo? Jambo la mtaro linakuwa lao, na mzee wa juu ambaye hajawahi kupoteza hata sahani kwa maji anaanza kuhesabu mchango wake.

Kwa hiyo kapime. Chukua kijiti kirefu, kisimamishe mtaroni mahali palepale, kwa mfano kwenye kona iliyo mbele ya mlango wako, uweke alama kwa kisu mahali ukingo ulipo. Fanya hivyo baada ya mtaro kuzibuliwa, kisha baada ya mvua. Kama salongo nyingine haitaangukia kabla ya mkutano, pima ulivyo sasa, na kumbuka ulifika wapi kwenye mguu wako siku ulipozibuliwa. Usiongeze hata kidogo. Watoto wa avenyu nzima wanacheza pale, na mtu mmoja akisema "si kweli, ulikuwa zaidi ya hapo", umepoteza dakika yako yote. Unaweza hata kuja na kile kijiti mkononi. Mikono iliyoshika kitu haitetemeki sana, na watu watakitazama kijiti badala ya kukutazama wewe.

Wanaotupa taka gizani nao hawamo. Wapo, najua, na plastiki zao ndizo zinazoshika udongo mpaka mtaro unaziba. Kama Kadutu ingekuwa peke yake! Taka za milima ya mji huu zinashuka mpaka ziwani, na bwawa la umeme la Ruzizi linahangaika nazo kila mara. Lakini ukiwataja watu, hata bila majina, unawapa haki ya kujibu, na majibu yao yatakula hoja nzima. Hilo ni pendekezo jingine la siku nyingine. Ukileta mawili kwa pamoja, mkutano utachagua lile rahisi kugombania.

Halafu kuna pendekezo ambalo mtu anaweza kulikubali au kulikataa, na sekretere anaweza kuliandika. "Tuwe makini na mtaro" halikataliki na wala haliandikiki. "Sehemu ya mchango iwalipe vijana wa kubeba udongo" lina nani, lina nini, lina lini. Ona pia nimeandika mifuko, si mkokoteni, kwa sababu vijia vingi vya Kadutu ni ngazi na mawe, na gurudumu halipiti. Anayejua mahali anajulikana kwa vitu kama hivyo, hata akiwa mpangaji.

Mwisho kuna "Nimemaliza, asante", kisha unakaa. Barua yako inasema maneno yako hayapati mwisho. Nadhani yanakosa mwisho kwa sababu unasubiri uso wa mtu ukuonyeshe kwamba ameelewa, na kwenye mkutano nyuso hazionyeshi kitu. Unaongeza mfano, kisha mwingine. Kwa hiyo sentensi ya mwisho uijue kwa kichwa kuliko zote, na uiseme hata kama kuna kimya kizito.

Mazoezi yafanyie kwa mume wako, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni kipimo. Mwambie dakika yako, kisha endeleeni na mambo mengine, pikeni, lazeni watoto. Baadaye muulize: "Niliomba nini?" Akikuambia habari za goti na kiganja lakini hakumbuki ombi, bado kisa chako kina nguvu kuliko ombi lako, na unakipunguza. Akisema "ulitaka kujua nani abebe udongo", uko tayari. Sababu ya pili ni yeye mwenyewe. Amekataza kitu ambacho hajakisikia. Alichokisikia ni yale ya mkutano uliopita, na kama ningekuwa mahali pake huenda na mimi ningeogopa.

Hofu yake haifai kudharauliwa. Muulize anaogopa nini hasa. Tumebakiza miezi mingapi kwenye garanti? Kuna karatasi ya upangaji au ni maneno tu? Mwenye nyumba amewahi kumtoa mpangaji kwa sababu ya maneno? Majibu hayo unayajua wewe, mimi siyajui, na yanaweza kubadilisha uamuzi. Mpangaji mwenye mkataba na risiti ana ardhi ngumu kidogo chini ya miguu yake kuliko anayekaa kwa kuaminiana.

Lakini hapa pia nina swali. Umeniambia mwenye nyumba ndiye aliyeleta wazo la mchango, na wewe unaona unakwenda kumpinga. Je, ni kweli unampinga? Ukuta unaolowa na maji ni wa nyumba yake. Msingi ukioshwa, hasara yako ni godoro, hasara yake ni nyumba. Hutaki mchango ufe. Unataka ufanye kazi. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia hayo nyumbani kwake, na yeye kuyasikia kwa mara ya kwanza mbele ya wazee wenzake. Ungeweza kwenda na mume wako, labda siku ya kupeleka kodi, mkamwambia: "Papa, wazo lako la mtaro tunaliunga mkono. Tunaona udongo unarudi pale chini ya ukuta wako. Tungependa tuliseme mkutanoni, tumeona tukuambie wewe kwanza."

Njia hiyo ina hatari zake. Anaweza kusema atalisema yeye mwenyewe, na likawa lake. Utaamua kama hilo linakuuma au linakupunguzia mzigo. Wapo watakaokuambia kwamba kikubwa ni udongo kuondoka, wapo watakaokuambia kwamba mama anayenyamazishwa kwa upole amenyamazishwa vilevile. Mimi naziona sababu za pande zote mbili. Anaweza pia kukukataza waziwazi, na hapo utakuwa umebanwa kuliko kabla hujaenda, maana kusema baada ya kukatazwa ni jambo jingine kabisa. Kama unamjua ni mtu wa hasira, pengine shefu ni mlango salama zaidi kuliko yeye.

Umeuliza kuhusu kumtuma mtu. Inawezekana, na kwa anayeogopa kufukuzwa si woga wa aibu. Hatari ni kwamba anayetumwa hukumbuka nusu, na akiulizwa swali la pili hana jibu, kwa kuwa hakai kwenye kona ile. Ukimtuma, mpe maneno yaleyale yaliyoandikwa, umpeleke mtaroni ukamwonyeshe kijiti. Kuna njia ya katikati ambayo nimeiona ikisaidia akina mama wengi: wewe unasema, na jirani mmoja mwenye kiwanja, umemwomba mapema, anasimama baada yako na kusema sentensi moja: "Ninaunga mkono pendekezo la mama, liandikwe." Hapo pendekezo halibaki la mpangaji mmoja. Ikiwa utaona moderateri anawakata akina mama tu, huyu jirani anakuwa wa lazima.

Kumpa sekretere karatasi ni njia nyingine. Inaficha uso wako, lakini karatasi husomwa mwishoni, au haisomwi, na haiwezi kujibu. Kunyamaza nako ni uamuzi, na una bei unayoijua: pesa itachangwa, mtaro utachimbwa, udongo utakaa ukingoni, na mvua zetu hazitulii kabla ya Juni.

Tuseme umesimama. Sema Kiswahili chako cha nyumbani. Kuna wanaoingia kwenye Kifaransa ili waonekane wazito, na nusu ya akina mama wanapotea njiani. Usianze mpaka kelele ipungue. Kuhesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo kunatosha. Mtazame moderateri kwenye ombi, kwa sababu ndiye anayebeba neno, kisha watu wengine. Ukikatizwa, usirudi mwanzo na usijibu aliyekukatiza. Ngoja moderateri atulize watu, kisha sema sentensi ya ombi peke yake: "Ninaomba tukubaliane nani atabeba udongo." Hata wakikukalisha hapo, safari hii neno lenyewe limesikika. Wakicheka, sema sentensi hiyohiyo kwa sauti ileile. Sauti ikipanda, watazungumzia sauti yako.

Maswali yatakuja, na mawili ni ya hakika. La kwanza: "Utapelekwa wapi?" Kadutu haina nafasi ya kutupa kitu, kila mtu anajua, ndiyo maana udongo unaachwa pale. Usitaje kiwanja cha mtu. Unaweza kusema plastiki zitengwe na udongo, na udongo uingizwe kwenye mifuko, kwa sababu mifuko ya udongo inafaa kushikilia ukingo na kujaza mashimo ya njia, kitu kinachofanyika hapa Bukavu. Mahali penyewe ni kazi ya shefu na katiye. La pili: "Itagharimu kiasi gani?" Kabla ya mkutano, waulize vijana wanaobeba mchanga wanataka franka ngapi kwa mfuko mmoja kutoka kona yako mpaka barabarani. Udongo wa mtaroni umelowa, ni mzito, mfuko haujazwi hata nusu, kwa hiyo waonyeshe udongo wenyewe kabla hawajataja bei, wasije wakakugeuka mbele ya watu. Usipojua jibu la swali fulani, "hilo sikulipima" ni jibu zuri, na ukae.

Ukishakaa, kazi ina kipande kimoja kimebaki. Mkutano ukielekea kufunga, moderateri anasoma maazimio, au anaomba sekretere asome. Sikiliza kama udongo umo. Kama haumo, nyoosha mkono, na hapa mosioni inaruhusiwa kabisa, maana ni ya kukumbusha kilichosemwa: "Pendekezo la kubeba udongo halijasomwa. Lilikubaliwa au lilikataliwa?" Kati ya yote niliyoandika, hili linasahaulika kuliko mengine, na mapendekezo mengi ya akina mama yanafia hapo: yalisikika, watu wakatikisa kichwa, hayakuandikwa. Likikataliwa, omba liandikwe kwamba lilitolewa. Mvua ikirudisha udongo, shefu atakuwa na mahali pa kuanzia mkutano unaofuata.

Una wiki mbili. Zungumza na mume wako kwanza, kuhusu garanti na kuhusu ile dakika moja, kisha muamue kama mlango wenu ni shefu, mwenye nyumba au yule jirani.